GeoGebra iko kwa Admin, mwanafunzi akiingia haioni. Maabara haina intaneti, kompyuta 22

#1 Mwl_wa_Kongwa
Habari za jioni wakuu. Nafundisha Hisabati sekondari moja ya kata huku Kongwa. Tuna maabara ya kompyuta 22 za msaada na hazifanani: 14 zina Windows 10, 8 zina Windows 7. Intaneti hakuna. Hata ya simu mpaka utoke nje ukazunguke uwanja wa mpira ukiitafuta.

Nilishuka Dodoma mjini nikapakua GeoGebra Classic 6, programu ya kuchora grafu, faili la .exe, nikaweka kwenye flashi na kuzunguka mashine moja moja nikiwa nimeingia kwa akaunti ya Admin. Kwenye Windows 10 zote ikafunguka vizuri. Sasa kidato cha tatu wameingia kwa akaunti ya Mwanafunzi na programu hawaioni kabisa, ikoni hakuna wala kwenye orodha ya programu haimo. Kwenye zile 8 za Windows 7 ndiyo kabisa, hata kwa Admin inagoma kufunguka.

Nywila ya Admin siwezi kuwapa wanafunzi, mnawajua wenyewe. Programu imekwenda wapi? Na kuna namna ya kuiweka kwenye mashine zote bila kukaa kubonyeza kila dirisha?

#2 Chilonwa_Juu
Mbukwenyi. Nimekaa mkao wa kula, na sisi tuna tatizo hilohilo.

#3 BabaZabibu
Mwalimu, hapo hakuna mjadala, ni Deep Freeze. Kompyuta za msaada nyingi huja nayo. Ukizima mashine, kila ulichoweka kinafutika, inarudi kama ilivyokuwa. Angalia pale chini karibu na saa kama kuna ikoni ya dubu. Kama yupo, shikilia Shift ubonyeze dubu mara mbili, weka nywila, chagua `Boot Thawed`, washa upya, ndipo usakinishe. Bila nywila ya aliyeiweka umekwama.

#4 Mwl_wa_Kongwa
BabaZabibu, dubu sijamwona. Na nikirudi kwa Admin GeoGebra ipo palepale, hata baada ya kuzima na kuwasha.

#5 BabaZabibu
Dubu anaweza kufichwa mkuu. Usimwamini.

#6 Tehama_Mpwapwa
Baba, kama ingekuwa Deep Freeze ingepotea hata kwa Admin. Mwalimu amejibu mwenyewe hapo #4.

Shida ni faili lililopakuliwa. Lile la .exe la Classic 6 haliweki programu kwenye `Program Files` ya mashine. Linaiweka ndani ya folda ya mtu aliyeingia wakati huo, kwenye `AppData\Local` yake. Wewe uliingia kama Admin, basi programu ni mali ya Admin peke yake. Mwanafunzi hana ruhusa hata ya kuchungulia humo. Thibitisha hivi: ingia kwa Admin, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika

```
%LOCALAPPDATA%
```

Utakuta folda `GeoGebra_6`. Ingia kwa Mwanafunzi ufanye vilevile, hutaiona.

Dawa yake ni faili la aina ya .msi. GeoGebra wanalitoa pembeni kwa ajili ya watu wenye mashine nyingi, linasakinisha kwa watumiaji wote wa mashine, na linakubali amri moja bila kuuliza maswali. Utalazimika kurudi mjini kulipakua. Ukifika, pakua Classic 5 ya .msi badala ya 6. Sababu nitaeleza, naingia kipindi.

#7 SokoLaMahindi
Mbona mnazunguka? Weka Kolibri. Shule moja hapa Kibaigwa wameiweka kwenye kompyuta moja tu, nyingine zote zinafungua kwa kivinjari. Hakuna kusakinisha mara 22.

#8 Tehama_Mpwapwa
Kolibri ni nzuri na inafanya kazi bila intaneti, ila ni kitu kingine. Ile ni maktaba ya video, mazoezi na vitabu: seva moja, wengine wanaandika anwani yake na `:8080` mwishoni kwenye kivinjari. Tena inataka mashine ziwe zimeunganishwa kwa swichi au rauta. Mwalimu anataka mtoto achore grafu na kuivuta kwa kipanya. Mwalimu, mashine zako zina nyaya za mtandao?

#9 Mwl_wa_Kongwa
Nyaya zilikuwepo. Panya wamezila. Swichi ipo kabatini.

#10 Chilonwa_Juu
Panya wa Kongwa hawana dogo 😂 hata karanga hawajaacha.

#11 NjooNkuhungu
Kuhusu Windows 7 kugoma: hizo zitakuwa za biti 32, na programu ni ya biti 64. Bonyeza kulia kwenye Computer, chagua Properties, utaona.

#12 Tehama_Mpwapwa
Inawezekana, Nkuhungu, lakini mimi nashuku kingine. Classic 6 imejengwa juu ya injini ileile ya Chrome, na Chrome waliiacha Windows 7 mwanzoni mwa 2023, toleo la mwisho kuikubali ni 109. Matoleo mapya ya programu za namna hiyo hayafunguki kwenye 7, iwe ya biti 32 au 64. Ndiyo maana nimesema Classic 5. Hiyo imejengwa kwa Java na inakuja na Java yake ndani, kwa hiyo huhitaji kusakinisha Java pembeni, na inakwenda kwenye Windows 7 na 10 zote.

Faida ya pili ni ya darasani. Ukiweka 6 kwenye nusu ya maabara na 5 kwenye nusu nyingine, utasema "bonyeza kitufe cha juu kushoto" na nusu ya darasa hawakioni. Sura za hayo mawili hazifanani.

#13 HesabuNiTamu
Hapo napinga. Mimi natumia 6, ina sura ya kisasa na watoto wanaielewa haraka kwa sababu inafanana na ya kwenye simu. Classic 5 inaonekana ya kizamani, na ile sehemu ya maumbo ya 3D kwenye mashine zangu za zamani ilikuwa inaganda mpaka nikakata tamaa.

#14 Tehama_Mpwapwa
Kuganda kwa 3D mara nyingi ni draiva ya kadi ya picha. Ukiwa na mashine zote za Windows 10 na RAM ya kutosha, 6 sina neno nayo. Mwalimu ana 8 za Windows 7.

#15 FundiMdogo
Mwalimu ukishapata .msi, tengeneza faili la maandishi kwenye flashi, ulihifadhi kwa jina `weka.bat`, kando ya faili la GeoGebra ambalo umelibadili jina kuwa `geogebra.msi`. Ndani yake:

```
@echo off
msiexec /i geogebra.msi ALLUSERS=1 /qn
echo %COMPUTERNAME% %ERRORLEVEL%>>matokeo.txt
pause
```

Unabonyeza mara mbili, imekwisha. `/qn` maana yake isionyeshe dirisha lolote. Mstari wa tatu unaandika jina la kompyuta na namba ya matokeo, 0 ikiwa ni mafanikio.

#16 Tehama_Mpwapwa
FundiMdogo, wazo ni zuri ila hiyo itamtesa kwa mambo matatu.

Kwanza, kubonyeza mara mbili hakutoshi. Kusakinisha kwa watumiaji wote kunataka mamlaka, na kwa kuwa `/qn` imezima madirisha, hata ule ujumbe wa kuomba ruhusa hautatokea. Itakufa kimya. Lazima abonyeze kulia achague `Run as administrator`.

Pili, akishachagua hivyo, Windows inalianzisha faili likiwa limesimama ndani ya `C:\Windows\System32`, halipo tena kwenye flashi. Litatafuta `geogebra.msi` humo, halitaiona. Inabidi kuandika `%~dp0`, ambayo maana yake ni folda ilimo bat yenyewe, herufi ya flashi iwe E au F.

Tatu, umebananisha `%ERRORLEVEL%` na `>>`. Matokeo yakiwa 0, Windows inasoma `0>>` kama amri ya kuelekeza mkondo namba 0, na `matokeo.txt` inabaki tupu. Yaani mashine zilizofanikiwa ndizo hazitaonekana! Acha nafasi katikati.

```
@echo off
msiexec /i "%~dp0geogebra.msi" ALLUSERS=1 /qn /norestart /l*v "%~dp0%COMPUTERNAME%.log"
echo %COMPUTERNAME% %ERRORLEVEL% >> "%~dp0matokeo.txt"
type "%~dp0matokeo.txt"
pause
```

Kile kipande cha `/l*v` kinaandika shajara ndefu ya usakinishaji kwa jina la kompyuta husika. Mambo yakienda sawa hutaigusa. Yakiharibika ndiyo itakayokueleza.

Dirisha jeusi litakaa kimya kwa muda, kwenye mashine nzee muda mrefu. Usilifunge. Subiri liandike jina na namba. Ukiwa na flashi tatu unaanzisha tatu kwa pamoja, ya kwanza ikimaliza unahamia ya nne. Na kabla ya yote, kwenye zile 14 ondoa kwanza ile Classic 6 ya Admin kwenye Control Panel, usije ukachanganyikiwa ipi ni ipi.

#17 FundiMdogo
Asante kwa masahihisho dada. Hiyo ya 0>> sikuwahi kuijua.

#18 MzeeWaFlashi
Nyie wote mnasahau virusi. Flashi moja ukiizungusha kwenye maabara ya shule, mashine ya tatu imeshaambukizwa, folda zote zimegeuka njia za mkato. Mimi huchoma kwenye DVD. Haiandikiki, virusi haviingii.

#19 NjooNkuhungu
Mzee, DVD haitaandika matokeo.txt wala log. Ndiyo maana haiandikiki 😂

#20 MzeeWaFlashi
Kalamu na karatasi zilikufa lini?

#21 Tehama_Mpwapwa
Mzee ana hoja. Anayetumia DVD abadili njia ya log iende `%TEMP%`, na badala ya mistari miwili yenye `matokeo.txt` aandike `echo %ERRORLEVEL%` peke yake ili namba ionekane kwenye skrini, ainakili kwenye daftari. Anayetumia flashi na akute folda zimefichwa, amri hii inazirudisha, ila haiui kirusi, kazi hiyo ni ya antivairasi:

```
attrib -h -r -s /s /d E:\*.*
```

#22 KlonikaTu
Habari. Kwa nini msitengeneze mashine moja iliyokamilika, mkachukua picha ya diski nzima kwa Clonezilla na kuimwaga kwenye nyingine? Nilifanya hivyo kwenye maabara ya chuo, mashine 30 zikawa mapacha. Programu, akaunti, mpangilio, vyote kwa mkupuo.

#23 Tehama_Mpwapwa
Zako zilikuwa za aina moja? Za mwalimu ni mchanganyiko. Picha ya Dell ukiimwaga kwenye HP ya mwaka mwingine, draiva zinaweza kugoma na uamilishaji wa Windows ukayumba. Diski ya kupokea nayo isiwe ndogo kuliko ya asili. Na mapacha wanakuja na jina moja la kompyuta.

#24 KlonikaTu
Zilikuwa za aina moja ndiyo. Ila hata mchanganyiko unaweza kugawa makundi, kila kundi picha yake. Kwa programu moja naona kweli ni kuua mbu kwa rungu, lakini zikiwa programu kumi mtanikumbuka.

#25 Mwl_wa_Kongwa
Wakuu nimerudi. Nimepata .msi ya Classic 5, nimetumia bat ya Tehama_Mpwapwa na flashi tatu. TANESCO wakakata katikati ya zoezi kama kawaida, nikamalizia siku iliyofuata.

Ile ya `AppData` ni kweli kabisa, folda `GeoGebra_6` ilikuwa kwa Admin tu. Matokeo: mashine 16 zimetoa 0. Tatu zimetoa 1620, zote zilitumia flashi ileile ya kijani. Mbili zimetoa 1603. Moja 1618. Hizo namba ni nini?

#26 FundiMdogo
1603 ni kwamba hukutumia Run as administrator.

#27 Tehama_Mpwapwa
Inaweza kuwa hiyo, lakini 1603 ni namba ya jumla tu, "nimeshindwa", bila sababu. Fungua ile log ya mashine husika kwa Notepad, Ctrl+F, tafuta `Return value 3`, kisha soma mistari ya juu yake kidogo. Sababu huwa hapo.

1618 ni usakinishaji mwingine unaendelea nyuma ya pazia. Washa upya mashine, subiri itulie, rudia.

1620 ni kwamba faili si zima, Windows haiwezi kulisoma kama kifurushi cha kusakinisha. Kwa kuwa ni flashi moja, nakala yake itakuwa ilikatika. Labda uliichomoa mapema. Linganisha na flashi iliyofanya kazi, ukiwa umesimama ndani ya flashi kila moja:

```
certutil -hashfile geogebra.msi SHA256
```

Inatoa mstari mrefu wa herufi na namba. Flashi mbili zenye faili moja lazima zitoe mstari uleule. Ukitofautiana hata herufi moja, nakili upya. Andika SHA256 kwa herufi kubwa, Windows 7 ina maringo hapo.

#28 MzeeWaFlashi
Au flashi yenyewe ni feki. Zile zinazoandikwa 64 ndani zina 8. Ukijaza zaidi ya uwezo wake inaonyesha faili zipo, kumbe matupu. Zimejaa sokoni.

#29 Mwl_wa_Kongwa
Mstari wa flashi ya kijani ni tofauti kabisa na zile mbili. Nimenakili upya, bado tofauti! Mzee nadhani umeshinda. Nimeitupa, nimetumia nyingine na mashine tatu zote zimetoa 0.

1618 imekubali baada ya kuwasha upya. 1603 moja, log ilionyesha diski C haina nafasi. Nimefungua folda ya Videos ya Mwanafunzi... filamu tupu. Nimefuta, imekubali. Ya pili ilikuwa kweli nilibonyeza mara mbili bila Run as administrator, FundiMdogo heshima yako.

#30 FundiMdogo
😎

#31 Chilonwa_Juu
Ticha hizo filamu umezifuta au umezihamisha?

#32 Mwl_wa_Kongwa
Chilonwa_Juu, swali linalofuata.

Sasa kimebaki kitu kimoja. Nimeingia kwa Mwanafunzi mashine zote 22, nikafungua, nikaandika `y = x^2`, parabola ikatokea. Safi. Leo asubuhi kwenye mashine 2, zote Windows 10, programu haipo tena. Kwa Mwanafunzi haipo na kwa Admin haipo. Matokeo.txt inasema zilipata 0.

#33 BabaZabibu
Nilisema nini tangu #3? Dubu huyo!

#34 NjooNkuhungu
Antivairasi imeikamata. Angalia kwenye orodha ya vilivyofungiwa. Au betri ya ubao mama imekufa, tarehe imerudi nyuma, mashine inaona programu ni ya wakati ujao na kuitilia shaka.

#35 Tehama_Mpwapwa
Betri hapana, tarehe mbovu haiwezi kufuta programu iliyokwisha kusakinishwa. Antivairasi mara nyingi ingefuta faili moja mbili na kuacha folda na ikoni iliyovunjika, haing'oi kila kitu. BabaZabibu safari hii anaweza kuwa sahihi, kwa sababu imepotea hata kwa Admin. Mwalimu, fanya jaribio: weka faili la maandishi lolote moja kwa moja kwenye C, ndani ya `C:\`, kwa akaunti ya Admin. Zima, washa. Likipotea, kuna kitu kinarudisha diski nyuma, iwe Deep Freeze iliyofichwa au nyingine ya aina hiyo.

#36 KlonikaTu
Au diski inakufa. Nimewahi kuona diski mbovu ambayo Windows ilikuwa inajirudisha yenyewe kwenye hali ya nyuma baada ya umeme kukatika, kwa kutumia System Restore. Mwalimu amesema umeme ulikatika katikati ya zoezi. Hizo mbili zilikuwa zinaendelea wakati huo?

#37 Mwl_wa_Kongwa
Moja ndiyo, moja nadhani ilikuwa imeshamaliza. Faili nimeweka kwenye C zote mbili, nimezima. Kwenye ile moja limebaki. Kwenye nyingine limepotea.

#38 BabaZabibu
Moja ni ya dubu basi. Shikilia Ctrl+Alt+Shift ubonyeze F6, kama ni Deep Freeze itaomba nywila hata kama ikoni imefichwa.

#39 Mwl_wa_Kongwa
Imeomba nywila. Mradi ulioleta hizi kompyuta ulishafunga ofisi, sina wa kumuuliza.

#40 HesabuNiTamu
Pole. Hiyo moja iache, au mpe Tehama_Mpwapwa aje na Windows mpya. Mkiwa humo muweke na 6 😄

#41 Tehama_Mpwapwa
Nauli ya Mpwapwa hadi Kongwa nani analipa?

Mwalimu, kusakinisha Windows upya kwenye hiyo moja ndiyo njia iliyobaki. Nakili draiva zake kwanza. Ile nyingine, iliyobakiza faili, endesha bat tena na ufungue `Event Viewer`, kwenye Windows Logs, Application, chuja chanzo `MsiInstaller`. Itakuonyesha kama GeoGebra iliondolewa, saa ngapi na kwa akaunti gani. Kama ni Admin, basi kuna mtu shuleni kwako anaijua nywila.

#42 Mwl_wa_Kongwa
Event Viewer inasema imeondolewa saa 1:40 usiku kwa akaunti ya Admin. Saa hiyo ni prepo. Nabadilisha nywila sasa hivi.

#43 KlonikaTu
Aliyeondoa alitaka nafasi ya filamu. Angalia folda ya Videos tena.